Mstari wa Njano Haubadilishi Mwenendo

Mwaka 2013 mwanasaikolojia John Dunlosky na wenzake walizipitia mbinu 10 za kujisomea. Kupigia mistari maandishi, desturi ya wasomaji wengi, waliiweka katika daraja la chini la manufaa. Si ajabu. Mstari huonyesha kilichotupendeza, wala hausemi nani atafanya nini, lini.

Tuchukue kitabu cha daktari mpasuaji Atul Gawande kuhusu orodha za ukaguzi, kilichotoka mwaka 2009. Hoja inayowavutia wengi ni kwamba mtaalamu huweza kukosea kwa kuruka hatua anayoijua vizuri. Msomaji huipigia mstari, akaikubali, na kesho yake huruka hatua ileile. Kinyume chake, orodha ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyojaribiwa katika hospitali 8 ikiwemo moja ya Ifakara, inataja nyakati 3 za kusimama: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Hapo tendo limefungwa kwenye wakati wake.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha jambo hilohilo kuhusu nia za watu: anayeandika “ikitokea hivi, nitafanya hivi” hutekeleza zaidi kuliko anayesema tu “nakusudia”.

Tuseme, basi, mtumishi wa halmashauri amekisoma kitabu hicho, na kero ya ofisi yake ni majalada ya malipo kurudishwa kwa kukosa viambatisho. Dondoo yenye uhai itasomeka hivi: “Jalada la malipo likifika mezani, kabla ya kutia saini nitatazama ankara, hati ya kupokelea bidhaa na kifungu cha bajeti. Ijumaa nitahesabu yaliyorudishwa.” Dondoo hiyo ibandikwe pale saini inapotiwa, daftarini nyumbani haitamfikia kwa wakati.

Baada ya wiki 4 hesabu ndiyo itakayosema. Majalada yakiendelea kurudi kwa idadi ileile ilhali ukaguzi umefanyika, huenda kasoro iko kwingine, pengine kwa mzabuni, na dondoo iandikwe upya. Iwapo ukaguzi wenyewe haukufanyika, kichocheo kilichaguliwa vibaya: labda saini hutiwa korido, bosi akiwa njiani. Hilo nalo ni maarifa ambayo mstari wa njano usingeyatoa kamwe.

Si kila kitabu kinadai dondoo ya aina hii. Riwaya na historia hutupanulia macho polepole, na kuzilazimisha zitoe maagizo ni kuzidhulumu. Lakini vitabu vya uongozi, uchumi na utawala tunavisoma tukidai kwamba tunataka kutenda. Kwa hivyo kila kimoja kiachie dondoo moja tu, yenye wakati, tendo na siku ya kuhesabu. Dondoo 20 zitakosa mtekelezaji, kama maazimio ya semina zetu.