Guta la umeme au baiskeli ya umeme: hesabu ianzie kwenye betri

Wapo wafanyabiashara wadogo wa Dodoma wanaojiuliza wanunue baiskeli ya umeme au guta la umeme la kubebea mizigo. Aghalabu huanza kwa kuulizana bei. Ni bora kwanza wajue betri ina nguvu kiasi gani na itadumu muda gani.

Tuchukue mfano wa mama muuza mboga wa Nkuhungu anayefuata bidhaa soko la Majengo. Tukadirie kuwa kwenda na kurudi ni kilomita 12. Siku za kawaida hubeba kilo 60, yaani tenga moja la nyanya na mafungu ya mboga. Jumamosi mzigo wake hufika kilo 180.

Nguvu ya betri hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa juu yake, na jibu huwa ni wati-saa. Baiskeli yenye betri ya lithiamu ya volti 48 na ampea-saa 15 ina wati-saa 720. Si vema kuikausha kabisa, basi tuhesabu asilimia 80, yaani wati-saa 576. Ikiwa na mzigo huo wa kilo 60, kila kilomita yaweza kula wati-saa 18 hivi, hivyo itakwenda kilomita 32. Safari ya kila siku inatosha na kubaki. Lakini Jumamosi angelazimika kwenda mara tatu, kilomita 36, na hapo atapita kiwango hicho cha asilimia 80.

Maguta mengi ya bei nafuu hutumia betri tano za risasi zilizounganishwa, kila moja ya volti 12. Tano za ampea-saa 45 zina wati-saa 2,700. Muuzaji aweza kukuambia utakwenda kilomita 60, na huenda ni kweli kwa guta tupu kwenye lami tambarare. Lakini betri ya risasi ikinyonywa mpaka mwisho kila siku hufa mapema, kwa hiyo hesabu nusu tu, wati-saa 1,350. Guta lililobeba mzigo kwenye njia yenye mchanga na miinuko laweza kula wati-saa 60 kwa kilomita. Zilizobaki ni kilomita 22, si 60. Hata hivyo mzigo wa Jumamosi utabebwa kwa safari moja.

Je, hilo linatosha kumfanya anunue guta? Umeme wenyewe si tatizo: safari hiyo ya guta, pamoja na upotevu wa chaja, ni kama uniti moja ya LUKU, ambayo kwa mteja wa kawaida haizidi shilingi 400. Gharama iliyojificha ni kubadilisha betri. Tuseme kila betri ya guta ni shilingi 180,000. Tano ni 900,000, na zikidumu miezi 18, anapaswa kutenga shilingi 50,000 kila mwezi. Tuseme betri ya baiskeli ni 450,000 na inadumu miezi 36: atatenga 12,500. Akikodi guta kila Jumamosi kwa shilingi 8,000, Jumamosi nne ni 32,000. Jumla ni 44,500, bado chini ya akiba ya betri za guta peke yake, na hajalipa bei kubwa ya kununulia guta lenyewe.

Kwa mama huyu, basi, baiskeli yenye keria imara ndiyo inayofaa. Lau mzigo mzito ungekuwa siku nne kwa wiki, kukodi kungefika shilingi 128,000 kwa mwezi, na guta lingeanza kujilipa. Weka bei za soko lako mahali pa hizi za mfano, kisha uhesabu upya.

Kabla ya kulipa, omba kukijaribu chombo kikiwa na magunia ya uzito wako halisi, kwenye njia yako mwenyewe. Tazama kipimo cha volti unapopanda mlima: kikishuka ghafla kisha kikapanda tena ukisimama, betri ni dhaifu. Kwa guta, mpe fundi apime kila betri peke yake mara baada ya safari. Iliyo chini sana ya wenzake ndiyo itakayowaangusha wote, na kuingiza moja mpya kati ya nne kuukuu hakuponyi, kwani zile kuukuu zitaendelea kuishiwa mapema. Ukirudi nyumbani kwenye jua kali, iache betri ipoe kivulini kwanza, ndipo uichaji.