Kabla ya kukopea mashine ya alizeti, tikisa makadirio yako ya mauzo

Vikundi vingi vinavyoniletea andiko la mradi wa kukamua alizeti vina kosa moja. Mauzo yameandikwa kwa tarakimu moja, na kikao kizima kinabishania kama lita zitakuwa 18,000 au 20,000. Mimi naona ubishi huo uko mahali pasipo na hatari kubwa. Tuangalie kwa mfano.

Hesabu ya kawaida

Mashine, kichujio, banda na umeme: shilingi milioni 30, zote mkopo wa miaka 5 kwa riba ya asilimia 18. Lita moja inahitaji kilo 4 za alizeti kwa shilingi 800, yaani 3,200. Umeme, vibarua na madumu ni 600. Mafuta yanauzwa 4,000 na mashudu ya lita hiyo yanaleta 800. Kinachobaki ni shilingi 1,000 kwa lita.

Kwa lita 18,000 kwa mwaka unapata milioni 18. Ondoa milioni 6 za mlinzi, fundi na matengenezo, zinabaki milioni 12. Rejesho la mkopo ni kama milioni 9.6 kwa mwaka, kwa hiyo mradi unaacha milioni 2.4. Kwenye karatasi unapendeza.

Tikisa kitu kimoja kimoja

Sasa uliza: kila tarakimu ikiharibika kiasi gani, ile milioni 2.4 inaisha? Badilisha moja, nyingine ziache zilivyo.

- Gharama za mwaka zinaweza kupanda kwa asilimia 40.
- Lita zinaweza kupungua hadi 15,600, karibu asilimia 13.
- Bei ya alizeti ikipanda shilingi 33 tu kwa kilo, umekwisha.
- Bei ya mafuta ikishuka shilingi 133 tu kwa lita, umekwisha. Hiyo ni kama asilimia 3.

Ndiyo maana nasema mnabishania pasipofaa. Lita zina nafasi ya kuyumba, bei haina. Na kushusha kila kitu kwa asilimia 10, kama wengi wanavyofundishwa, hakusaidii, kwa sababu bei ya mafuta na gharama ya mlinzi haziyumbi sawasawa. Pima kwa kiwango ambacho kitu chenyewe huyumba. Chukua daftari la muuzaji wa mafuta sokoni kwenu, tazama bei ya chini na ya juu kwa misimu mitatu iliyopita.

Kisha tazama msimu mzima

Njia hiyo ina upungufu wake: inabadilisha kitu kimoja wakati shambani na sokoni vitu huenda pamoja. Mafuta yakishuka, alizeti nayo hushuka. Kwa hiyo andika misimu miwili mibaya, kila mmoja na sababu yake.

Msimu wa kwanza: mafuta ya nje yamejaa sokoni. Mafuta yako yanashuka hadi 3,500, alizeti hadi 700, unauza lita 14,000. Kila lita inabakiza 900. Baada ya gharama za mwaka unabaki na milioni 6.6.

Msimu wa pili: ukame. Mafuta yanapanda hadi 4,600 na alizeti hadi 950. Kila lita bado inabakiza 1,000, na watu watasema bei ni nzuri. Lakini alizeti imeisha mapema, umekamua lita 11,000 tu. Unabaki na milioni 5.

Rejesho halijabadilika: milioni 9.6. Mwaka mmoja wa ukame unaacha pengo la milioni 4.6, karibu ziada yote ya miaka miwili ya kawaida. Ukame ukija mwaka wa kwanza, hakuna akiba ya kuziba pengo hilo, na mashine inaweza kuuzwa kabla mwaka mzuri haujafika. Wastani wa miaka 5 hauonyeshi jambo hili.

Msimamo wangu

Ukubwa wa mkopo uamuliwe na msimu mbaya, si na msimu unaoutarajia. Hapa milioni 5 za mwaka wa ukame zinaweza kurejesha mkopo wa kama milioni 15 na nusu. Nusu nyingine itoke kwa wanachama. Kama haipatikani, kodini mashine msimu mmoja, au wakamulieni watu alizeti yao kwa malipo. Faida ya kila lita itakuwa ndogo, lakini bei ya mafuta ikianguka inamwangukia mwenye alizeti.

Wapo watakaosema hesabu hizi zinatisha watu. Lakini misimu hii miwili si ya kubuni. Muulize mzee yeyote anayelima alizeti kijijini kwenu. Andikeni yote miwili kwenye andiko, chini ya ule mnaoutarajia, ndipo mwende benki.