Uvira na tetemeko la ardhi: Je, hospitali inaweza kukalishwa juu ya mpira?

Wakazi wa Uvira wanaishi katika ukanda mwembamba. Upande mmoja ni milima ya Mitumba, upande wa pili ni Ziwa Tanganyika. Milima hiyo na ziwa hilo ni matokeo ya jambo moja: ardhi inayopasuka na kuachana taratibu katika Bonde la Ufa. Mpasuko huo haujakoma.

Septemba 1960 tetemeko kubwa lilitokea eneo la Uvira. Desemba 5, 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga chini ya ziwa na kubomoa nyumba Kalemie, zaidi ya kilomita 250 kusini mwa Uvira. Februari 3, 2008, siku ya Jumapili asubuhi, jirani zao wa Bukavu walitikiswa na tetemeko lililoua zaidi ya watu 30, wengi wao upande wa Rwanda, baadhi wakiwa kanisani.

Kila linapotokea tetemeko la namna hiyo, jengo la kwanza linalohitajika ni hospitali. Ndilo pia jengo ambalo, likipasuka, huongeza majeruhi badala ya kuwapokea. Kwa mji kama Uvira, unaopambana pia na kipindupindu mara kwa mara, kupoteza wodi na mabomba ya maji kwa siku moja ni janga la pili.

Ipo mbinu ya uhandisi inayolenga tatizo hilo moja kwa moja. Jengo halifungwi kwenye msingi wake, bali hukalishwa juu ya matakia mazito ya mpira, ili ardhi ikienda huku na huku, jengo lisilazimike kuifuata. Swali ni kama mbinu hiyo ingefaa kwenye ufukwe wa Uvira.

Siri iko kwenye muda wa kuyumba

Mvuvi wa Kalundu anaijua kanuni hii bila hesabu. Upepo ukileta mawimbi mafupi ya haraka haraka, mtumbwi mdogo unarushwa juu chini, lakini boti kubwa ya mizigo inayoyumba polepole haisumbuki sana. Mawimbi ni yaleyale. Tofauti ni muda ambao kila chombo kinahitaji kuyumba na kurudi pale kilipoanzia.

Majengo nayo yana muda wake. Jengo la ghorofa tatu la zege na matofali, lililofungwa kwenye msingi, huenda na kurudi kwa takribani sekunde 0.3. Kwa bahati mbaya, kwenye ardhi ngumu tetemeko hubeba nguvu yake kubwa katika mitikisiko ya haraka ya namna hiyo. Jengo na ardhi hucheza kwa mapigo yanayokaribiana, na kila pigo huongeza lililotangulia.

Takia la mpira huvunja ulinganifu huo. Limetengenezwa kwa tabaka nyembamba za mpira na bamba za chuma zilizogandishwa pamoja, moja juu ya nyingine. Chuma huzuia mpira usibonyee na kufura pembeni chini ya uzito wa jengo, lakini hakiuzuii kuteleza kwa ubavu. Kwa hiyo takia ni gumu kusimama na laini kusukumwa. Jengo likikalishwa juu ya matakia hayo, muda wake wa kuyumba unaweza kupanda hadi sekunde 2.4, yaani mara nane. Ili kufikia hapo, ulaini wa matakia kwa upande lazima uwe takribani mara 64 ya ule wa jengo lenyewe, kwa sababu muda huongezeka kwa kipeuo cha pili cha ulaini.

Hesabu ya jengo moja

Tuchukue jengo la mfano la tani 1,000 kwenye ardhi ngumu, na tuchukulie tetemeko ambalo mitikisiko yake ya haraka inasukuma jengo pembeni kwa nguvu sawa na nusu ya uzito wake. Jengo lililofungwa kwenye msingi litapokea nguvu ya tani 500 kwa ubavu.

Kwenye ardhi ngumu, nguvu hiyo hubaki juu hadi muda wa kuyumba wa takribani sekunde 0.6, kisha huanza kushuka. Muda ukiongezeka mara mbili, nguvu hupungua nusu. Kwenye sekunde 1.2 ni tani 250, na kwenye sekunde 2.4 ni tani 125. Hii ndiyo faida ya kuurefusha muda peke yake.

Inabaki kazi ya pili, ambayo ni kuumeza mwendo. Matakia mengi huwekwa kiini cha madini ya risasi katikati, ubunifu ulioanzia New Zealand miaka ya 1970. Risasi hukunjwa na kunyooshwa kila jengo linapokwenda na kurudi, na nguvu ya mwendo hugeuka kuwa joto. Kiini kikifanya kazi vizuri, nguvu katika mfano wetu hushuka zaidi hadi takribani tani 83. Hiyo ni sehemu moja kwa sita ya tani 500 za mwanzo.

Lakini kuna malipo. Jengo sasa linateleza sentimita 12 kila upande juu ya msingi wake. Bila kiini cha risasi lingeteleza sentimita 18. Nguvu haikutoweka bure. Imebadilishwa kuwa mwendo, na mwendo huo unahitaji nafasi.

Ikumbukwe pia kwamba jengo la kawaida halijengwi kuhimili zile tani 500 bila kudhurika. Kanuni za ujenzi huruhusu nguzo na mihimili yake kupasuka kwa kiasi, mradi lisianguke na kuua. Kwa nyumba ya kuishi hilo ni sawa. Kwa chumba cha upasuaji si sawa, na hapo ndipo matakia yanapata maana.

Los Angeles ilionyesha nini

Ushahidi unaotajwa sana ni wa Januari 17, 1994, tetemeko la Northridge lilipopiga eneo la Los Angeles. Hospitali mbili zilikuwa na vipimo vya mtikisiko. Hospitali ya Olive View, iliyojengwa imara lakini imefungwa kwenye msingi, ilitikiswa kwenye paa kwa zaidi ya mara mbili ya ardhi iliyokuwa chini yake. Nguzo zake zilihimili, lakini mabomba yalipasuka, maji yakafurika na wagonjwa wakahamishwa.

Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California ilikuwa juu ya matakia. Paa lake lilitikiswa chini ya nusu ya ardhi ya jirani, na kazi iliendelea. Olive View ilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, kwa hiyo kilichopimwa hapa si nani aliumia zaidi. Cha kuangalia ni uwiano: jengo moja lilikuza mtikisiko wa ardhi yake, jingine liliupunguza.

Ufukwe unabadilisha hesabu

Turudi kwenye mvuvi. Boti kubwa haijali mawimbi mafupi, lakini wimbi refu la polepole likija, nayo hunyanyuka. Ardhi laini huleta wimbi la namna hiyo.

Sehemu kubwa ya Uvira imekaa juu ya mchanga, kokoto na tope vilivyoletwa na mito kutoka milimani, na upande wa kaskazini kuna tambarare ya Mto Ruzizi. Udongo wa aina hiyo huchuja mitikisiko ya haraka na kukuza ya polepole. Dunia iliona matokeo yake Septemba 19, 1985, katika Jiji la Meksiko, ambalo sehemu yake imejengwa juu ya tope la ziwa la zamani. Kitovu kilikuwa mbali, kando ya pwani ya Pasifiki, lakini tope lilitikisika kwa mapigo ya takribani sekunde mbili, na majengo marefu yenye muda unaokaribia huo yakaanguka.

Tuweke jengo letu la tani 1,000 kwenye udongo ambao nguvu yake kubwa inaendelea hadi sekunde 1.2 badala ya 0.6. Kwa matakia yaleyale, nguvu inakuwa takribani tani 167 badala ya 83, na mwendo sentimita 24 badala ya 12. Faida imepungua nusu, gharama ya nafasi imeongezeka mara mbili. Kurefusha muda hadi sekunde 3.6 kungeshusha nguvu hadi tani 111, lakini jengo lingeteleza sentimita 36.

Kusogea kuelekea mlimani kunapunguza tatizo la udongo, lakini kunalikaribisha jengo kwenye mpasuko wenyewe. Karibu na mpasuko, ardhi inaweza kutoa msukumo mmoja mkubwa wa sekunde moja hadi tatu, hasa ule ambao matakia hayaupendi. Na miteremko hiyo ina maporomoko yake.

Nafasi inayojaa mchanga

Tatizo la mwisho halihusu hesabu. Jengo linaloteleza linahitaji mtaro mtupu kulizunguka, mabomba yanayojikunja na ngazi zisizofungwa kwenye ardhi. Mtaro ukijaa, jengo linagonga ukuta katikati ya mwendo, na pigo hilo linaweza kuzidi nguvu iliyokuwa ikikwepwa.

Aprili 2020, Mto Mulongwe ulifurika na kuacha mawe, mchanga na tope katikati ya mji. Mafuriko ya namna hiyo yangeziba mtaro kwa usiku mmoja. Ziwa nalo limekuwa likipanda na kumeza nyumba za ufukweni katika miaka ya karibuni, jambo linalomaanisha maji kuingia chini ya jengo, mahali ambapo matakia yanapaswa kukaguliwa yakiwa makavu.

Kwa nyumba za kawaida za Uvira, matakia si jibu kabisa. Yanahitaji uzito mkubwa juu yake: jengo la tani 250 juu ya matakia yaleyale lingeyumba kwa sekunde 1.2 tu. Huko, mkanda wa zege unaozunguka kuta zote, nguzo kwenye kona na paa jepesi la mabati vinaokoa maisha zaidi kwa fedha kidogo.

Kwa hospitali, hata hivyo, mlango haujafungwa. Unaanza kufunguliwa kwa kazi ambayo haionekani kwenye picha za uzinduzi: kuchimba mashimo ya uchunguzi, kupima udongo unatikisika kwa muda gani, kujua maji yako kina gani na mpasuko unapita wapi. Kama kiwanja kitaonyesha muda mfupi, chini ya sekunde moja, na kiko juu ya njia ya maji, matakia yanaweza kulipa. Kama kitaonyesha sekunde mbili, mhandisi makini atashauri kuhamisha jengo au kulifunga imara kwenye msingi wake, kwa sababu matakia hapo yangelipeleka jengo kwenye mapigo yaleyale ya ardhi.