"Huo" ni upi? Kioneshi kimoja na mpaka wa shamba Ufipa

Wapo watumishi wa umma wanaoamini kwamba upatanisho wa ngeli ni pambo la mitihani, na kwamba muhtasari wa mkutano wa kijiji waweza kuandikwa vyovyote vile maadamu "tumeelewana". Nawapinga. Katika uwanda wa Ufipa, kama kwingineko vijijini, shamba mara nyingi huwa na mpaka wa maneno kabla halijawa na mpaka wa vipimo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Mgogoro ukifika katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mjini Sumbawanga, wazee waliotembea juu ya mpaka huenda wameshafariki. Kinachobaki ni karatasi.

Chukua sentensi hizi, ambazo nimezitunga kwa mtindo wa mihtasari yetu: "Mkutano ulikubali kuwa mpaka unaanzia kwenye mkuyu ulio kando ya mto na kufuata mtaro hadi barabarani. Huo usiguswe na upande wowote." Ni nini kisichoguswa? Mpaka, mkuyu, mto na mtaro, vyote ni vya ngeli moja, na vyote huitwa "huo". Mwenye shamba la juu atadai kwamba amekatazwa kukata mkuyu tu. Jirani yake atadai kwamba mtaro hauruhusiwi kuchimbwa upya. Wote wawili wana sarufi upande wao.

Laiti mpaka ungefuata njia na kukomea kwenye kisima, "hiyo" ingeirudia njia na "hicho" kingekirudia kisima, bila ya mwandishi kujisumbua. Hiyo ndiyo kazi ya upatanisho: msomaji huambiwa ni nomino ipi inayorejelewa. Lakini ngeli ikiwa moja, msaada huo hukoma, na hapo hakuna njia ya mkato, sharti nomino irudiwe: "Mpaka huo usiguswe." Neno moja tu la ziada. Tena ukiongeza "uamuzi" katika aya, hatari huzidi, kwa kuwa uamuzi nao ni "huo".

Jaribio lake ni jepesi. Funika sentensi yenye kioneshi, soma zilizotangulia, kisha hesabu nomino zinazoweza kukikubali. Zikizidi moja, andika upya.

Kosa la pili ni kuchanganya "huu", "huo" na "ule". "Mpaka huu" hunena vizuri pale msemaji anaposimama shambani na kidole chake kinaonekana. Karatasini kidole hakipo, isipokuwa kama mchoro umeambatishwa. "Mpaka ule wa zamani" ni mbaya zaidi, kwani hutegemea kumbukumbu ya waliokuwapo. Mgeni, mjane aliyeolewa kutoka kijiji kingine, au hakimu hawamo katika kumbukumbu hiyo. "Mpaka huo" peke yake ndio unaomrudisha msomaji ndani ya maandishi yenyewe, palipotajwa.

Maofisa wetu wamegundua kimbilio: "husika". Eneo husika, mpaka husika, mashamba husika. Neno hili halibadiliki kwa ngeli wala kwa idadi, na ndiyo maana linapendwa na mwandishi mvivu. Ubaya wake mkubwa ni kwamba halimlazimishi mtu kuwa amelitaja jambo kwanza. "Shamba hilo" bila shamba lililotangulia ni kosa linaloonekana mara moja. "Shamba husika" hupita kimya, na shamba lenyewe halijulikani.

Nimewahi kusikia, tena kwa kejeli, kwamba ovyo huu ni lafudhi ya Wafipa. Si kweli. Kifipa ni lugha ya Kibantu yenye ngeli zake, na aliyekulia humo hahitaji kufundishwa kwamba kioneshi hufuata nomino yake. Anayeandika "kijiji hiyo" na "shamba hiyo" namsikia zaidi katika ofisi za mijini, ambako "hiyo" imekuwa kibandiko cha kila kitu.

Wafugaji nao wana sehemu yao. "Ng'ombe" haibadiliki umbo katika wingi. Taarifa ikisema "ng'ombe huyo aliharibu mahindi", mnyama ni mmoja. Ikisema "ng'ombe hao waliharibu", ni kundi. Lakini ofisa akiandika "kuharibiwa kwa mahindi na ng'ombe husika", idadi imetoweka, na fidia itabishaniwa kuanzia mnyama mmoja hadi zizi zima.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Basi mtendaji wa kijiji, kabla ya kugonga muhuri, amsomee muhtasari mtu ambaye hakuhudhuria mkutano, na kila afikapo penye "huo" amwulize: upi?