Bei za mahindi zilizoganda: namba zipi zilikosewa, na sahihi zitatoka lini

Kuanzia Jumanne asubuhi hadi Ijumaa mchana, jedwali letu la bei za mazao mkoani Rukwa lilionesha tarehe ya kila siku, lakini bei za mahindi na mpunga zilikuwa za Jumatatu. Tunawaomba radhi, hasa mliouza siku hizo mkitazama namba zetu.

Kila alfajiri mtambo huvuta bei kutoka kwenye lahajedwali ambalo wakusanyaji wetu hujaza jioni. Jumatatu usiku tulibadilisha nenosiri la lahajedwali hilo, tukasahau kulibadilisha kwenye mtambo. Ulipokosa ruhusa haukuacha nafasi wazi, ulibakiza namba za mwisho ulizokuwa nazo. Tarehe iliyo juu ya jedwali hutoka kwenye saa ya kompyuta, kwa hiyo iliendelea kusonga kana kwamba mambo ni shwari.

Msikilizaji mmoja wa Matai ndiye aliyetushtua. Aliona bei za Sumbawanga mjini, Laela, Namanyere na Matai hazijabadilika hata shilingi kwa siku tatu. Laela iko kwenye barabara ya Tunduma na Matai iko upande wa Kasanga, na masoko hayo hayatulii yote kwa pamoja wakati wa mavuno. Sisi tulipaswa kuliona hilo kabla yake.

Safu ya debe nayo ilikosewa, kwa kuwa hukokotolewa kutoka bei ya gunia la kilo 100. Maharage na ulezi zilikuwa sahihi, maana hizo tunazijaza kwa mkono.

Chukua mfano, wa hesabu tu: bei ikipanda shilingi 1,000 kwa gunia kila siku tangu Jumanne, kufikia Ijumaa jedwali liko nyuma kwa shilingi 4,000. Aliyeuza magunia 20 kwa bei yetu amepoteza shilingi 80,000, na mnunuzi mwenye simu za masoko mengine alijua. Bei ikishuka, mkulima humkataa mnunuzi akingoja bei ambayo haipo tena.

Bei sahihi za siku zote nne kwa Sumbawanga, Laela na Namanyere zitawekwa Jumamosi saa 4 asubuhi. Za Matai zitangoja Jumatatu, kwani tunazilinganisha kwanza na daftari la mkusanyaji. Wastani wa wiki nao utatoka Jumatatu. Ule mnaouona sasa msiutumie, kwa sababu umebeba bei ya Jumatatu mara tano. Siku tutakayokosa uthibitisho tutaweka kistari, hatutakisia.

Kuanzia Jumatatu, kando ya kila bei mtaona siku na saa ilipochukuliwa sokoni.