Soko la utabiri si bima ya mpaka

Mfanyabiashara mmoja wa hapa Bujumbura, anayeleta mawese kutoka upande wa Uvira, aliniuliza swali ambalo limenifanya niandike haya. Amesikia kwamba kuna masoko ya mtandaoni ambako mtu ananunua jibu la swali kama "Nani atashinda uchaguzi?" au "Je, vita vitasimama kabla ya mwezi fulani?" Akawaza: kama ningeweza kununua jibu la "ndiyo, mpaka utafungwa", siku ukifungwa nitapoteza mzigo lakini nitalipwa kule. Je, hiyo si bima?

Wazo lake si la kijinga. Lakini lazima tuelewe kwanza kinachouzwa.

Kampuni ya kubeti tunayoizoea inapanga bei yenyewe. Tuseme katika mechi isiyo na sare kila upande umepewa odi ya 1.80. Ukiweka faranga 1,000 upande mmoja na rafiki yako 1,000 upande wa pili, kampuni imekusanya 2,000 na itamlipa mshindi 1,800. Zile 200 ni zake. Wewe unashindana na kampuni, na ukishinda sana inaweza kukupunguzia dau au kukukatalia kabisa.

Soko la utabiri, kama Polymarket au Kalshi, halipangi bei. Linauza hisa za "ndiyo" na za "hapana". Jibu likiwa ndiyo, kila hisa ya "ndiyo" inalipa dola 1, na ya "hapana" inakuwa bure. Hisa ikiuzwa senti 12, maana yake wanunuzi wanaona uwezekano ni kama asilimia 12. Unaweza kuiuza kabla ya tukio, kama mchele uliopanda bei. Fedha utakazoshinda zinatoka kwa mtu mwingine aliyenunua upande wa pili. Jukwaa ni mwenye soko tu, na halijali nani anashinda.

Sasa turudi kwa rafiki yangu. Mzigo wake una thamani ya dola 1,000, na tuseme kuna swali juu ya mpaka wake, hisa ya "ndiyo" ikionyeshwa kwa senti 12. Anahesabu hisa 1,000 kwa dola 120. Akianza kununua, anakuta zipo 200 tu kwa bei hiyo. Nyingine 300 zinauzwa senti 20, na 500 za mwisho senti 30. Atalipa 24, kisha 60, kisha 150, jumla dola 234, karibu mara mbili ya alichotarajia. Swali la uchaguzi wa Marekani lina wauzaji maelfu, lakini swali la kona yetu ya Afrika litakuwa na wachache. Kwa hiyo mtu akikutumia picha ya bei kwenye WhatsApp na kusema "soko linasema", muulize kwanza zipo hisa ngapi kwa bei hiyo. Katika soko jembamba, dola mia chache zinatosha kuipandisha.

Tuseme amekubali kulipa. Linabaki neno lenyewe, "kufungwa". Wanaokumbuka Gatuna wataelewa haraka. Mwishoni mwa Februari 2019 Rwanda ilisimamisha malori ya mizigo kwenye mpaka huo na Uganda, ikieleza kwamba ni kwa sababu ya ujenzi wa kituo cha pamoja cha mpakani. Malori yakaelekezwa Kagitumba. Je, mpaka ulifungwa? Mwenye lori la nyanya angesema ndiyo, na serikali ingesema ni ujenzi. Tarehe 31 Januari 2022 ulitangazwa kufunguliwa, lakini abiria wa kawaida walisubiri hadi Machi. Ulifunguliwa lini? Kila jibu lingemtajirisha mtu na kumfilisi mwingine, na maumivu ya mwenye mzigo hayasaidii kuamua.

Anayeamua ni nani? Polymarket imetegemea mfumo unaoitwa UMA. Mtu anapendekeza jibu na kuweka dhamana ya fedha. Asipopingwa ndani ya muda mfupi, limepita. Mabishano yakiendelea, wenye sarafu ya UMA wanapiga kura, na mwenye sarafu nyingi ana kura nyingi. Hakuna kinachomzuia mpiga kura kuwa na hisa katika swali lenyewe. Machi 2025, katika swali kuhusu mkataba wa madini kati ya Ukraine na Marekani, mtu mmoja aliripotiwa kushika kiasi cha robo ya kura zote. Likapita jibu la "ndiyo" wakati mkataba ulikuwa haujasainiwa. Polymarket ilikiri kwamba mambo hayakwenda ilivyotarajiwa, lakini waliopoteza hawakurudishiwa kitu.

Kwa uchaguzi, kesi ya kujifunza ni Venezuela, Julai 2024. Tume ilimtangaza Nicolás Maduro. Upinzani ukachapisha fomu za vituo zilizoonyesha kwamba Edmundo González ameshinda. Masharti ya swali yalisema chanzo kikuu ni taarifa rasmi za nchi hiyo, lakini yaliacha pia nafasi ya kuangalia habari zinazoaminika. Wapiga kura wa UMA wakampa González. Maduro ndiye aliyeapishwa Januari 2025, na walionunua hisa zake walikuwa wameshapoteza. Huenda UMA ilisema kweli kuhusu kura. Lakini aliyedhani amenunua jibu la swali "nani atakuwa rais?" alikuwa amenunua kitu kingine.

Nchi zetu zina historia ya namna hiyo. Kenya ilimtangaza Uhuru Kenyatta tarehe 11 Agosti 2017, Mahakama ya Juu ikafuta matokeo tarehe 1 Septemba, na uchaguzi ukarudiwa Oktoba bila Raila Odinga kushiriki. Kongo, Januari 2019, tume ilimtangaza Félix Tshisekedi huku waangalizi wa Kanisa Katoliki wakisema takwimu zao hazilingani na hizo. Kenya inapiga kura tena 2027, na sisi pia. Neno "mshindi" linahitaji tarehe na chanzo kilichoandikwa wazi, na mara nyingi yaliyo muhimu yako kwenye maandishi madogo chini ya swali.

Halafu kuna aliye upande wa pili wa biashara yako. Kabla ya Marekani kumkamata Maduro tarehe 3 Januari 2026, akaunti moja iliweka kiasi cha dola 32,000 kwamba ataondoka madarakani, ikapata zaidi ya dola 400,000. Wakati huo mwenye akaunti hakujulikana. Mpaka haufungwi na mvua, unafungwa kwa saini, na saini hupita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya tangazo. Anayekuuzia "ndiyo" kwa bei nafuu usiku wa kuamkia tangazo anaweza kuwa anabahatisha kama wewe. Anaweza pia kuwa ameliona faili.

Kwa hiyo jibu langu kwa rafiki yangu ni hapana. Atatafuta dola ambazo hapa zinapatikana kwa shida, azigeuze kuwa sarafu ya kidijitali ambayo Benki Kuu yetu, BRB, ilipiga marufuku biashara yake mwaka 2019, kisha anunue tafsiri ya neno. Mteja wa Dar es Salaam akidhulumiwa na kampuni ya kubeti yenye leseni, anaweza kupeleka malalamiko yake Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Huyu wa Bujumbura akidhulumiwa, ofisi yoyote atakayoingia itamuuliza kwanza zile sarafu alizipata wapi.