Folda Isiyofutika Hata na Mwenyewe

Mazungumzo yetu juu ya usalama wa kompyuta aghalabu humhusu mwizi, yaani mtu wa nje anayetafuta nywila ili aingie. Makala haya yamhusu mtu mwingine kabisa, naye ni mwenye mali. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika maabara ya kompyuta ya shule ya sekondari, faili za alama za wanafunzi hazina budi kufungwa kwa namna ambayo hata mwalimu anayezimiliki hawezi kuzifuta. Mfumo wa Linux umetupa amri ya kufanya hivyo, nayo ni `chattr`.

Ninaanza na kosa langu mwenyewe. Mwezi wa Novemba mwaka 2019 nilikuwa nikiangalia kompyuta za shule moja ya sekondari isiyo mbali na mji wa Bariadi, mkoani Simiyu. Diski ilikuwa imejaa. Nilikuwa na folda mbili, `alama` na `alama-zamani`, nami nilikusudia kuifuta hiyo ya pili. Niliandika herufi chache, nikabonyeza kitufe cha kumalizia jina, kompyuta ikaandika `alama` na kusimama hapo, kwa kuwa majina yote mawili huanza hivyo. Nikabonyeza kitufe cha kuingiza bila kusoma. Alama za muhula mzima za Kidato cha Pili zikatoweka. Tulizirudisha kutoka kwenye makaratasi kwa siku tatu, na walimu wawili wa masomo walikwisha kwenda likizo na daftari zao. Kompyuta haikukosea hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa mwenye folda, nayo ikanitii.

Ili kuelewa kwa nini ilinitii, yafaa tujue folda ni kitu gani. Wengi hudhani ni sanduku lenye faili ndani yake. La hasha. Folda ni daftari la majina, mfano wa daftari la mahudhurio analolishika mwalimu wa darasa. Kila mstari una jina la faili, na mbele yake nambari inayoonyesha faili yenyewe iko wapi katika diski. Kufuta faili ni kufuta mstari mmoja katika daftari hilo. Kwa hiyo anayetaka kufuta hahitaji ruhusa ya kuandika ndani ya faili. Ahitaji ruhusa ya kuandika katika daftari, yaani katika folda.

Jambo hili huwashangaza wanafunzi, nami huwafanyia jaribio. Tuna mtumiaji wa kawaida aitwaye `taaluma`, mwenye folda `alama`. Ninaichukua faili moja iliyomo, ninaifanya kuwa mali ya `root`, yule msimamizi mkuu wa mfumo, kisha ninaondoa ruhusa zote isipokuwa ya `root` kuisoma. Sasa `taaluma` hawezi hata kuifungua. Lakini akiandika amri ya kufuta, kompyuta humwuliza mara moja tu kama ana hakika, naye akijibu `y`, faili imekwenda. Hakuigusa faili, amefuta mstari katika daftari lake mwenyewe.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba dawa ya haya ni kuondoa ruhusa ya kuandika katika folda kwa amri ya `chmod`. Ni kweli kwamba ukifanya hivyo kufuta kutakataliwa, na maneno yatakayotokea ni `Permission denied`. Lakini aliyeondoa ruhusa ni mwenye folda, na mwenye folda aweza kuirudisha wakati wowote bila kumwuliza mtu. Ni sawa na mtu aliyefunga mlango akaacha ufunguo kitasani. Humzuia anayepita, wala hamzuii mwenye nyumba aliyeamka usiku na usingizi machoni.

Alama inayowekwa na `chattr` ni ya namna nyingine. Haimo katika ruhusa tulizozizoea za kusoma, kuandika na kupita. Huandikwa katika kumbukumbu ya folda yenyewe ndani ya diski, na kiini cha mfumo huitazama kabla ya kuuliza wewe ni nani. Amri hii iliandikwa na Rémy Card, mmoja wa waliotunga mfumo wa faili uitwao ext2 uliotokea mwaka 1993, nayo yatumika hadi leo katika ext4 na katika mifumo mingine ya faili ya Linux. Hufanywa hivi:

```
$ sudo chattr +i alama
$ lsattr -d alama
----i---------e------- alama
$ rm alama/kidato2.ods
rm: cannot remove 'alama/kidato2.ods': Operation not permitted
```

Ile herufi `i` ndiyo kufuli. Tazama pia kwamba maneno ya kukataa yamebadilika. `Permission denied` husema wewe huna ruhusa, na ruhusa huweza kutafutwa. `Operation not permitted` husema tendo lenyewe haliruhusiwi hapa. Mwenye folda hawezi tena kufuta jina, wala kuongeza jina, wala kubadili jina. Hawezi kuihamisha folda yenyewe wala kuibadilishia ruhusa kwa `chmod`. Hata `root` akijaribu kufuta atajibiwa maneno yale yale. Tofauti ya `root` ni moja tu, kwamba yeye aweza kwanza kuiondoa alama kwa `chattr -i`, kisha akafuta. Kwa hiyo tendo moja la haraka limegeuzwa kuwa matendo mawili, na la kwanza kati yake hakuna anayelifanya kwa bahati mbaya.

Hapa sina budi kueleza mtego ambao umewanasa wengi. Kufuli hili limewekwa katika daftari moja tu. Kama ndani ya `alama` mna folda nyingine, tuseme `kidato2`, basi hiyo ni daftari jingine, nalo halikufungwa. Nilijaribu mbele ya wanafunzi kwa nakala za mfano. Niliifunga `alama` peke yake, kisha mtumiaji `taaluma` akaandika `rm -rf alama`. Kompyuta ililalamika kwamba haiwezi kuiondoa `alama/kidato2`, na darasa likashangilia kwamba kufuli limefanya kazi. Tulipoifungua `kidato2` tuliikuta tupu. Kilichosalia ni jina la folda tu. Faili zote zilizokuwamo zilikwisha kufutwa. Kadhalika faili iliyomo katika folda iliyofungwa huweza kufunguliwa na kuandikwa upya ndani, hata kufanywa tupu, maana jina lake halikuguswa. Ndiyo sababu alama za muhula uliokwisha hufungwa pamoja na vyote vilivyomo, kwa kuongeza `-R`:

```
$ sudo chattr -R +i alama
```

Muhula ukiwa bado unaendelea, usifunge. Programu ya majedwali kama LibreOffice huweka faili ndogo iliyofichika kando ya ile unayoihariri, ili kuonyesha kwamba iko mikononi mwa mtu. Katika folda iliyofungwa haiwezi kuiweka, na mwalimu atabaki akilalamika kwamba kompyuta imeharibika. Iko alama nyingine, `+a`, inayoruhusu majina kuongezwa katika folda na kukataza kufutwa au kubadilishwa. Wengine huisifu kwa kazi za kila siku. Mimi siipendi kwa folda ya kufanyia kazi, kwa sababu zile faili ndogo huwekwa na haziondoki tena, zikajaa kama magugu. Lakini kwa folda ya kupokelea, ambamo kila mwalimu wa somo huleta faili yake iliyokamilika, yafaa sana.

Sasa nifike kwenye neno ninalotaka lijadiliwe. Yapo mapokeo mengine ya kompyuta, kama yale ya BSD, ambayo humpa mwenye faili kufuli lake mwenyewe, alifunge na kulifungua apendavyo. Linux haikutoa hilo. Kufunga na kufungua ni kazi ya `root` peke yake. Baadhi ya walimu huona hii ni dharau: mtu mzima, mwenye shahada, afungwe mikono katika faili alizoziandika mwenyewe? Mimi naona Linux imefanya vema. Alama za mwanafunzi si mali ya mwalimu aliyeziandika. Kompyuta humwita mwenye mali kwa sababu tu jina lake ndilo lililoandikwa faili ilipoundwa. Katika ghala la pamba, mwenye kuandika daftari la mizani hapaswi kuwa ndiye mwenye kushika ufunguo wa mlango, na mkulima wa Simiyu haoni dharau katika hilo, kwa kuwa pamba ni yake.

Lakini hoja hii huvunjika kabisa ikiwa `taaluma` na `root` ni mtu mmoja. Katika Ubuntu, mtumiaji wa kwanza anayeundwa wakati wa kuweka mfumo hupewa uwezo wa `sudo`, na katika shule nyingi huyo ndiye anayetumiwa na walimu wote kila siku. Hapo kufuli hubaki kuwa kikumbusho tu. Kikumbusho nacho kina faida, nami kingeniokoa mwaka 2019, ila si ulinzi dhidi ya mkono uliokusudia. Napendekeza mwalimu wa taaluma apewe jina la kawaida lisilo na `sudo`, na nywila ya msimamizi ikae kwa mkuu wa shule katika bahasha iliyofungwa. Itafunguliwa mara mbili au tatu kwa mwaka: muhula unapofungwa, na alama inapobidi kusahihishwa.

Na bahasha hiyo iwe na karatasi ya maelezo. Amri ya kawaida ya `ls -l` haionyeshi kufuli hili hata kidogo. Mwalimu mgeni aliyehamishiwa shuleni ataona folda yenye ruhusa zote, atajaribu kuongeza faili, atakataliwa, atajaribu kwa `sudo`, atakataliwa tena, na asipojua `lsattr` huenda akaamua kwamba diski imekufa na kuiandaa upya. Kufanya hivyo kutafuta kila kitu, maana `chattr` hulinda majina na faili ndani ya mfumo wa faili; haiwezi kuulinda mfumo wenyewe usifutwe, wala diski isiungue umeme unaporudi kwa kishindo.

Kwa sababu hiyo nakala ya pili ni lazima, nayo haitakuwa na kufuli. Ukinakili folda kwa `cp`, alama ya `i` hubaki nyuma. Na ukitaka kuiweka katika flashi ya kawaida iliyoandaliwa kwa FAT, utakataliwa, maana FAT haipokei amri hii. Flashi ya shule yetu huandaliwa kwa ext4, ikafungwa kwa amri ile ile, ikawekwa katika kabati la mkuu wa shule pamoja na bahasha.